Kwa Nini Dizeli ya Siku Hizi Haigongi: Mazungumzo kwa Wenye Matatu, Upper Hill



Anayepanda kutoka Haile Selassie hadi Community anaijua tofauti. Matatu ya kale hugonga kama nyundo juu ya bati na kuacha wingu jeusi karibu na Hospitali ya Kenyatta. Ya siku hizi hupita ikivuma tu. Zote zinatumia dizeli. Kilichobadilika ni namna mafuta yanavyoingia kwenye silinda.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa hadi iwe moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa humo na kujiwasha. Pampu ya zamani ilitengeneza shinikizo upya kwa kila mnyunyizo, kwa kufuata mwendo wa injini. Injini ikilemewa mlimani, shinikizo hushuka, matone huwa makubwa na hayaungui yote. Hayo ndiyo masizi. Mlio nao hutokana na mafuta kuchelewa kidogo kuwaka, yakarundikana, kisha yakalipuka kwa pamoja.

Mfumo wa reli ya pamoja, ulioingia kwenye malori ya Hino mwaka wa 1995 na magari ya Alfa Romeo mwaka wa 1997, ulitenganisha kazi hizo mbili. Pampu hujaza bomba moja nene, yaani reli, na kuliweka tayari kwa shinikizo linaloweza kuzidi baa 1,300, mamia ya mara ya upepo wa tairi. Kompyuta ndiyo hufungua injekta kwa umeme. Kwanza hutoka tone dogo mno la kupasha moto chumba, ndipo mafuta mengine yafuate na kuungua taratibu. Mgongo ule unakwisha. Na hata injini ikizunguka polepole, matone hubaki kama ukungu.

Lakini mfumo huu hauvumilii uchafu. Dizeli ndiyo hulainisha pampu. Ikichanganywa na mafuta ya taa, vyuma husagana na chembe zake huziba injekta. Wenye tamaa ya shilingi chache kwa lita huishia kununua injekta nne.

Tuseme matatu inakataa kuwaka asubuhi, ingawa betri ni nzima. Fundi mzuri huunganisha mipira ya mafuta yanayorudi kutoka kwa injekta kwenye chupa nne na kuzungusha injini. Chupa moja ikijaa upesi kuliko nyingine, injekta hiyo imechakaa: inavujisha shinikizo, na reli haifikii kiwango ambacho kompyuta hungoja kabla ya kufungua.

Mazoea moja ya zamani yaachwe kabisa: kulegeza nati ya bomba injini ikiwa inanguruma ili kutafuta silinda mbovu. Mafuta ya shinikizo hilo hupenya ngozi. Tundu huonekana dogo na huenda lisiume, kumbe kidole kinaharibika ndani. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na aseme ni dizeli.