Gundi ya Benchi, Gundi ya Kiatu, na Dumu Lisilokubali Gundi

Maneno ya Katibu mbele ya mkutano wa wanaushirika. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa machungani siku ile.



Mwezi wa saba benchi letu la mkutano liliachana miguu akiwa amelikalia mzee wetu mmoja. Alianguka chali mbele ya watu. Hakuumia sana, lakini alipoinuka alituuliza: "Hivi mlilifunga kwa gundi au kwa uji?" Swali lile lilituuma, kwa sababu mabenchi yale sita tuliyatengeneza wenyewe, kwa mbao za saiprasi na gundi tuliyonunua mnadani Katesh kwa fedha ya ushirika. Basi tulilichukua benchi, tukalifungua lote, tukatazama.

Ndani ya tundu tulikuta gundi nyeupe kama chaki. Ukiikwaruza kwa kucha inatoka unga. Jamani, hiyo si gundi iliyokauka vizuri. Gundi nyeupe ya mbao ikikauka inavyotakiwa huacha weupe wake, ikawa kama ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Sababu ni hii: ile gundi ni chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Maji yakiingia katika mbao na kupotelea hewani, chembe zinasogeleana, zinashikana, zinakuwa kitu kimoja. Kukiwa na baridi hazishikani. Maji yanaondoka, chembe zinabaki kila moja peke yake, ndiyo huo unga. Gundi nyingi za namna hii zinataka joto la digrii 10 hivi au zaidi, na si la hewa tu, hata mbao yenyewe iwe na joto hilo. Sisi tulipaka magharibi, bandani, mwezi wa sita, na baridi ya huku juu Mbulu mnaijua.

Kosa la pili lilikuwa ulimi wa mguu kucheza ndani ya tundu. Tulidhani gundi itajaza nafasi. Haijazi. Gundi nyeupe ina nguvu pale mbao mbili zinapogusana na yenyewe ikiwa nyembamba katikati. Na kosa la tatu, tulifungua kamba baada ya dakika chache, kwa haraka zetu.

Tulirudia hivi. Tulikwangua gundi ya zamani yote mpaka mbao ikaonekana, maana gundi mpya haiingii mbao iliyozibwa na ya zamani. Ulimi uliokuwa unacheza tuliubandikia kibao chembamba, tukauchonga upya mpaka ukaingia kwa kugongwa kidogo kwa mkono. Mbao tukazianika juani, na saa nne asubuhi tukapaka ulimi na kuta za tundu, si nyingi. Klampu hatuna. Tulizungusha kamba miguuni, tukatia kijiti katikati ya kamba na kukisokota mpaka gundi ikatoka pembeni kama jasho. Ikitoka hivyo kila upande, ujue imeenea. Maelekezo ya kopo yalisema nusu saa inatosha kushikilia, lakini kwa baridi yetu tuliacha kamba mpaka jioni, na hakuna aliyekalia benchi mpaka kesho yake.

Tulibandika pia vipande viwili vya mabaki, siku hiyo hiyo kwa gundi hiyo hiyo, na kesho yake tukavipasua kwa nyundo. Vilipasuka penye mbao, siyo penye gundi, na nyuzi za mbao zilibaki pande zote mbili. Hicho ndicho kipimo. Vikiachana safi, kila kipande na uso wake, kazi haikushika. Lakini gundi hii ni ya ndani ya nyumba. Benchi la kunyeshewa linataka gundi ambayo kopo lake limeandikwa D4.

Sasa viatu. Mmoja wetu aliuliza kwa nini supaglu inashika soli kwa nusu dakika, halafu baada ya wiki soli inafungua mdomo pale pale vidole vinapokunjia. Supaglu hukauka kwa unyevu kidogo ulioko hewani na juu ya kitu chenyewe, ndiyo maana ina haraka. Lakini ikishakauka ni ngumu kama kioo. Soli inakunjwa kila hatua, gundi haikunjiki, kwa hiyo inapasuka. Kiatu kinataka gundi ya viatu, ile ya rangi ya asali yenye harufu kali, kwa kuwa ikikauka hubaki mpira.

Wengi wanaikosea kwa kuibandika ikiwa mbichi. Kwanza kwaruza pande zote mbili kwa msasa mpaka mng'ao uishe, futa vumbi, paka nyembamba huku na huku. Halafu subiri. Dakika 10, au 15, na kwa baridi zaidi. Gusa kwa kidole: ikivuta nyuzi, bado, isipovuta tena, tayari. Hapo unganisha mara moja, kwa uangalifu, maana ikigusana huwezi kuisogeza. Kisha gonga kwa nyundo soli nzima. Gundi hii inataka nguvu ya kugandamizwa zaidi ya muda wa kugandamizwa. Usikivae mpaka kesho. Na isipakwe karibu na jiko wala kibatari, mvuke wake unashika moto. Ipakwe nje, watoto wakae mbali nayo. Katambuga za tairi hazina habari hizi, mafundi wake wanapiga misumari na wanafanya vema.

Limebaki dumu. Hapa tulitupa fedha. Dumu la lita 20 lilitoboka kona, tukalipaka supaglu, likavuja. Tukanunua ya mirija miwili, ile ya kuchanganya, tukangoja siku nzima, ikawa ngumu kama jiwe. Tulipojaza maji ilibanduka nzima kama gamba. Gundi haikuwa mbovu. Plastiki ya madumu na ndoo nyingi ina asili kama ya nta: gundi inalala juu yake bila kuingia wala kushika, kama maji juu ya jani la gimbi.

Ili kuitambua, tazama chini ya chombo penye alama ya pembetatu: namba 2 au 5 ndizo hizo. Kama haina alama, kata kipande kidogo, kizamishe majini, ondoa mapovu kwa kidole, kiachie. Kikielea, usinunue gundi. Bomba gumu la maji, la namba 3, linazama, nalo lina gundi yake inayoyeyusha uso wa bomba na kulifanya moja na kiungo.

Dumu tuliliziba kwa moto. Tulikata ukanda kutoka dumu bovu la namba ile ile, kwa sababu namba 2 na namba 5 hazichanganyiki, tukapasha kisu butu kwenye makaa, tukayeyusha ukanda na kingo za tundu kwa pamoja, tukazisaga pamoja mpaka zikawa uji mmoja. Kisu kikiwa chekundu plastiki inaungua na kutoa moshi. Kiwe cha moto wa kuyeyusha tu. Mara ya kwanza kilivuja kidogo, tukarudia upande mmoja. Sasa ni mwezi wa pili linateka maji.

Kopo la gundi ya viatu liko kwa mtunza stoo. Atakayelichukua alifunike kila akishachota, lile la kwanza liligandia kopo likiwa nusu.