Ngozi Iliyochomwa na Jua: Usiku wa Kwanza na Siku Mbili Zinazofuata

(Mazungumzo na wazazi na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, Lugulu)



Leo tunataka kuongea juu ya ngozi iliyochomwa na jua. Wengi husema, "Sisi Waafrika jua ni letu, halitufanyi kitu." Si kweli kabisa. Mtu mweusi akikaa juani siku nzima huchomwa pia, ila wekundu hauonekani vizuri. Yeye husikia ngozi imekaza, ina moto na inauma ikiguswa, na baada ya siku chache inabambuka. Lakini tunao watoto ambao jua huwaumiza haraka zaidi, nao ni watoto wenye ualbino. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino hapa Kenya, na baadhi yao ni watoto wa jumuiya zetu. Ngozi yao haina ile rangi inayofanya kazi kama kivuli. Kwa hiyo tutazungumza hasa juu yao, na mengi ya yale tutakayosema yanamfaa kila mtu.

Tuchukue kisa cha kijana mmoja mwenye ualbino, wa miaka 12. Jina na boma lao tunaviacha. Ilikuwa Agosti 2024, mwaka wa tohara kwetu Wabukusu. Mnajua desturi: kijana huzunguka akialika jamaa, anapiga chinyimba, kifua wazi, shanga shingoni, na kundi linaimba nyuma yake. Huyu alitoka nyumbani saa tatu asubuhi, akaenda kwa shangazi, kwa babu na kwa mjomba, akarudi saa kumi na moja jioni. Siku hiyo kulikuwa na mawingu na upepo, kwa hiyo hakuna aliyefikiria jua. Yeye mwenyewe alisema hakusikia joto.

Hapo ndipo watu hudanganyika. Joto tunalosikia si kitu kimoja na miale inayochoma. Miale hiyo hupenya mawingu mepesi, na huwa mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Tena sisi tunakaa karibu na ikweta, na Lugulu iko juu, zaidi ya mita 1,500. Kadiri unavyopanda kwenda Kitale, miale huzidi: kwa kila mita 1,000 huongezeka karibu sehemu moja ya kumi.

Jambo la pili linalodanganya ni wakati. Ukishika sufuria ya moto, unajua papo hapo. Jua haliko hivyo. Ngozi huanza kuuma masaa matatu hadi sita baada ya kuchomwa, na maumivu hufika kilele kati ya masaa 12 na 24. Kijana wetu alifika nyumbani akicheka. Saa mbili usiku mabega na mgongo vilikuwa vya moto kama jiko, hata shati hakuweza kuvaa. Alfajiri malengelenge yalikuwa yametokea. Basi, mtoto akirudi jioni na ngozi imeanza kubadilika, usiseme, "Ni kidogo tu." Hujaona mwisho wake bado.

Usiku ule nyanya yake alisema, "Leteni mafuta ya kupikia tumpake, yatavuta moto." Mama wa kijana akajibu kwa heshima, "Mama, tumpoze kwa maji kwanza. Mafuta tutayafikiria kesho." Alijibu vizuri. Mafuta yakipakwa kwenye ngozi iliyo moto hufungia joto ndani. Dawa ya meno, majivu, unga na mayai pia tuviache kabisa. Vinakauka juu ya kidonda, vinaingiza uchafu, na muuguzi atalazimika kuvikwangua huku mtoto analia.

Alifanya hivi. Alichukua maji safi ya kawaida ya mtungi, si barafu, akayatia katika karai. Akachovya kitambaa laini cha pamba, akakamua kidogo, akakilaza mgongoni bila kusugua. Kitambaa kikipata joto, anachovya tena. Aliendelea kwa dakika kama 15, akapumzika, kisha akarudia kila baada ya masaa machache. Barafu haifai kwa sababu huumiza upya ngozi ambayo tayari imeumia. Na kwa kuwa usiku wa huku ni baridi, alipoza sehemu moja moja na kufunika miguu kwa leso kavu. Mtoto akianza kutetemeka, simamisha kazi hiyo na umfunike.

Kwa maumivu, mama alimpa parasitamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kulingana na umri na uzito wa mtoto. Mtu asizidishe eti kwa sababu maumivu ni makali. Ikizidi huharibu ini. Aspirini tusiwape watoto walio chini ya miaka 16.

Sasa tuje kwa malengelenge. Kuna wale huchukua sindano au mwiba na kutoboa ili "maji machafu yatoke". Maji yale si machafu. Mwili wenyewe umeyaweka pale, na ile ngozi nyembamba ya juu ni bandeji bora kuliko yoyote ya dukani. Ukitoboa, umefungulia viini mlango. Likipasuka lenyewe, nawa mikono, osha pale polepole kwa maji safi na sabuni isiyo kali, na usiikate ile ngozi iliyolegea. Hapo ndipo mafuta ya mgando yanafaa: paka kidogo ili kitambaa kisishike kidonda, halafu funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi au bandeji.

Jambo linalosahauliwa sana ni maji ya kunywa. Ngozi iliyoungua hupoteza maji mengi, na kijana huyu alikuwa amekimbia na kuimba kutwa nzima akinywa kikombe kimoja tu cha busaa isiyokolea na soda nusu chupa. Hivyo havitoshi, na pombe hata ikiwa kidogo huzidi kumkausha mtu. Asubuhi alikuwa amekojoa mara moja tu, mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Hiyo ndiyo dalili rahisi kuliko zote: mkojo ukiwa mchache na mweusi, mwili unalia maji. Mdomo ukikauka na kichwa kizunguke akisimama, ni hivyo hivyo.

Mpe maji kidogo kidogo, mara kwa mara, na uji mwepesi. Ukiwa na pakiti ya chumvi na sukari ya dispensari, soma kwanza kama ni ya nusu lita au ya lita moja. Ukiikosa, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari, bapa si vya kilima, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, mwaga utengeneze upya.

Sasa, ni wakati gani nyumbani hakutoshi? Tumia kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole, kama kipimo. Hicho ni karibu sehemu moja ya mia ya mwili wake. Malengelenge yakizidi viganja viwili, apelekwe dispensari. Yakikaribia viganja kumi, ni hospitali moja kwa moja, maana huenda akahitaji maji ya mshipani. Apelekwe pia bila kuhesabu viganja kama malengelenge yako usoni, mikononi au sehemu za siri, kama macho yamevimba au yanauma kwenye mwanga, au kama ni mtoto chini ya mwaka mmoja. Homa kali, kutetemeka, kutapika kila anachokunywa, au kukaa masaa nane bila kukojoa, hayo nayo ni ya hospitali. Na mtu akianza kuongea ovyo, kuanguka, au kuwa mgumu kuamka na mwili una joto kali, hiyo ni hatari ya kifo. Mmwagieni maji na kumpepea huku mnatafuta gari, wala msimnyweshe kwa nguvu.

Kijana wetu alikuwa na malengelenge ya viganja vinne na alitapika mara mbili. Mama hakungoja, akampeleka. Walimsafisha, wakamfunga, wakamnywesha mpaka mkojo ukarudi rangi yake. Lakini lilibaki swali lililotia wazee wasiwasi: siku ya tohara ilikuwa keshokutwa. Kwenda mtoni alfajiri na kupakwa matope juu ya malengelenge yaliyopasuka ni kupanda usaha kwenye mgongo mzima, na mwili uliokauka haufai kupotezewa damu. Daktari alikataa waziwazi. Baba mkubwa alinyamaza sana, halafu akasema, "Kijana akifa, tutamwita mwanamume wa nani?" Wakaahirisha. Ngozi ilianza kubambuka siku ya tano, na baada ya wiki mbili ilikuwa imefunga. Alitahiriwa Desemba hospitalini, wazee wakiwa nje wakimngoja.

Hata hivyo, kupona kwa ngozi si mwisho wa hesabu. Kila mara jua linapomchoma mtu mwenye ualbino, linaacha madhara ndani, nayo yakirundikana huleta kansa ya ngozi, wakati mwingine angali kijana. Kidonda au gamba lisilopona kwa wiki nne, au linalotoka damu na kurudi, lionwe na daktari wa ngozi likiwa bado dogo, maana hapo kulikata ni kazi ndogo.

Na kinga? Nguo kwanza: shati la mikono mirefu lililofumwa vizuri na kofia yenye ukingo wa vidole vinne kuzunguka pande zote, si ile ya mbele tu. Mafuta ya kukinga jua hutolewa bure katika hospitali kadhaa za serikali kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, mpango ulioanza 2011. Mtoto aandikishwe. Yapakwe dakika 20 kabla ya kutoka na yarudiwe kila masaa mawili, masikio na nyuma ya shingo yasisahauliwe. Wakati mwingine hukosekana, ndiyo maana tunasema nguo kwanza. Tena yasipakwe juu ya malengelenge.

Agosti ya tohara itakuja tena. Wazee wetu, kijana mwenye ualbino apige chinyimba akiwa amevaa shati, aalike jamaa kabla ya saa nne au jioni, na mmoja wa kundi abebe chupa ya maji. Shanga zitavaliwa juu ya shati, na mjomba atamtambua tu.