Shahada Iliyoishia Njiani: Namna ya Kuiandika kwenye Wasifu

Mada yangu inahusu mstari mmoja tu wa wasifu: ule unaotaja shahada ambayo mwombaji aliianza asiimalize.

Tumchukulie kijana aliyemaliza kidato cha sita mwaka 2017, akaingia chuo kikuu kusomea shahada ya uhasibu ya miaka mitatu. Alifaulu mwaka wa kwanza na wa pili, kisha ada ikamshinda, akaacha. Sasa anaomba kazi ya karani wa hesabu katika kampuni binafsi. Wengi wa hali yake huandika: “Shahada ya Uhasibu, 2017–2019.” Miaka ni ya kweli, lakini asomaye anaelewa kwamba amehitimu, na siku akidaiwa cheti ataonekana mwongo. Katika nchi ambayo uhakiki wa mwaka 2017 ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, si ajabu mwajiri akiwa mkali.

Wengine huufuta mstari mzima. Hapo miaka miwili inabaki wazi, na ujuzi wa vitabu vya hesabu, ambao ndio unaotafutwa, haujulikani. Wengine nao huandika kwamba hawakubahatika kumaliza kutokana na matatizo ya kifamilia. Sababu isubiri usaili, tena ielezwe kwa sentensi moja.

Mimi ningeandika hivi:

“Masomo ya Shahada ya Kwanza ya Uhasibu, (jina la chuo), 2017–2019. Nilifaulu mwaka wa kwanza na wa pili wa programu ya miaka mitatu, krediti 240 kati ya 360, sikutunukiwa shahada. Nilisoma uhasibu wa fedha, uhasibu wa gharama na kodi.”

Neno “masomo” likitangulia, hakuna atakayedhani ni cheti. Krediti 360 ndicho kiwango cha chini cha shahada ya miaka mitatu kwa mwongozo wa TCU, yaani 120 kwa mwaka, lakini namba ya kuandika ni ile iliyo kwenye transkripti. Kama kuna somo alilofeli, krediti zake zisihesabiwe. Aliyedisko mwaka wa pili aandike krediti alizofaulu tu, wala halazimiki kutaja kudisko. Neno “inaendelea” ni la mwenye usajili hai au barua ya chuo ya kuahirisha masomo.

Mstari huu una mpaka wake. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hayapokei matokeo ya muda wala taarifa ya matokeo badala ya cheti. Kijana huyu hataipata nafasi inayotaka shahada. Huko aombe zile zinazolingana na cheti chake cha kidato cha sita.

Kwa hiyo naomba kila mwenye mstari wa aina hii aifuate kwanza transkripti chuoni, ndipo aandike.