Malipo ya Benki Yasiyopata Jibu: Kwa Nini Tusibonyeze Mara ya Pili

(Maelezo yaliyotolewa kwa wafanyabiashara wadogo na watumiaji wa huduma za fedha)



Katika malalamiko ya malipo ya simu na benki, lipo moja ambalo mlalamikaji mwenyewe hulieleza kwa aibu kidogo, kana kwamba kosa ni lake peke yake. Ametuma fedha, mtandao ukakwama, akatuma tena, na fedha zikaenda mara mbili. Leo tumependa tuzungumzie jambo hili moja tu, kwa sababu limejengeka katika namna mifumo ya malipo inavyofanya kazi, na mtu asiyeifahamu namna hiyo hana budi kukosea.

Tuchukue mfano wa mama anayechoma mikate na maandazi kwa kuuza. Jumamosi jioni ana shilingi 1,150,000 katika akaunti yake. Anataka kununua mifuko 6 ya unga wa ngano kwa shilingi 80,000 kila mmoja, jumla shilingi 480,000. Jumatatu atadaiwa kodi ya fremu ya duka, shilingi 300,000. Muuzaji ana akaunti katika benki nyingine. Mama anafungua programu ya benki yake katika simu, anaandika namba ya akaunti, jina la muuzaji linatokea, anaweka kiasi, anathibitisha kwa namba ya siri. Simu inasoma 17:42. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha panatokea maneno haya: Request timed out.

Maneno hayo maana yake ni kwamba muda wa kusubiri jibu umekwisha. Hayasemi kwamba malipo yamekataliwa. Mama, kama wengi wetu tungefanya, anayasoma kuwa yamekataliwa. Anarudi ukurasa wa mwanzo, anaona salio bado ni 1,150,000, anaridhika kwamba hakuna kilichokatwa, anaanza upya. Saa 17:46 malipo ya pili yanakubaliwa na ujumbe unamfikia. Dakika chache baadaye unaingia ujumbe mwingine, wa malipo ya kwanza. Salio, tukiacha makato, sasa ni shilingi 190,000. Kodi ya Jumatatu haipo tena.

Ilikuwaje? Hapa nchini, malipo ya papo kwa papo kutoka benki moja kwenda nyingine, au kutoka benki kwenda kampuni ya fedha za simu, yanaweza kupita katika mfumo wa TIPS unaoendeshwa na Benki Kuu ya Tanzania. Mfumo huo ni kama mwenye kupokezana barua katikati. Simu huiambia benki ya mlipaji. Benki ya mlipaji hukata au hushikilia fedha katika akaunti, kisha hupeleka agizo katikati. Katikati hulipeleka benki ya mpokeaji. Benki ya mpokeaji hukubali au hukataa, na jibu lake hurudi kwa njia ile ile hadi kwenye simu. Kwa kawaida safari yote, ya kwenda na ya kurudi, ni ya sekunde chache.

Sasa, safari hiyo inaweza kukatika mahali patatu tofauti, na hapa tunaomba tuende polepole. Huenda agizo halikutoka kabisa kwenye simu, kwa kuwa mtandao ulikatika mama alipobonyeza. Hapo hakuna kilicholipwa. Huenda agizo lilifika benki yake, fedha zikakatwa, lakini likakwama kabla ya kufika benki ya muuzaji. Hapo fedha zimetoka kwa mama na hazijafika kwa mtu yeyote. Benki zinapolinganisha kumbukumbu zao, zitarudishwa au zitafikishwa. Na huenda agizo lilifika salama, muuzaji akawekewa fedha zake, ila jibu la kurudi ndilo lililopotea njiani. Hapo malipo yamekamilika kabisa, na aliyebaki gizani ni mlipaji peke yake.

Kwa mtu aliyeshika simu, hali zote tatu zinaonekana sawasawa. Kiduara ni kile kile, maneno ni yale yale. Simu haimfichi mama jambo lolote; nayo haijui. Aliyemtuma mtoto dukani na mtoto akachelewa hawezi kusema, kwa kule kuchelewa tu, kama chumvi imenunuliwa au la.

Mtu atauliza, na ni haki yake kuuliza: kwa nini benki isione kwamba mtu yule yule amemlipa yule yule kiasi kile kile ndani ya dakika 4, ikazuia? Benki nyingine hutoa onyo la namna hiyo, nasi tunapenda zote zifanye hivyo. Lakini kuzuia moja kwa moja kuna ubaya wake. Mzazi mwenye watoto wawili katika shule moja hulipa ada ileile mara mbili, na yuko sahihi. Mwenye duka hununua mzigo, kisha akaongeza mwingine wa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mfumo hautambui malipo kwa kiasi wala kwa jina. Huyatambua kwa namba ya kumbukumbu, ambayo kila muamala hupewa ya kwake. Agizo likirudiwa likiwa na namba ile ile, mfumo uliotengenezwa vizuri hulitambua kuwa ni lile la mwanzo na haulipi tena. Hujibu tu kwamba hilo limekwishafanyika. Lakini mama aliporudi ukurasa wa mwanzo na kujaza upya, programu ilitengeneza namba mpya. Machoni mwa mfumo, huyo alikuwa mama aliyeamua kununua mifuko 12.

Pengine umekutana na kitufe kinachosema Retry au Jaribu tena. Katika programu iliyotengenezwa kwa uangalifu, kitufe hicho hupeleka namba ile ile na hakina madhara. Katika nyingine huanzisha muamala mpya. Mtumiaji hawezi kuvitofautisha kwa macho, kwa hiyo ushauri wetu ni kukichukulia kama malipo mapya mpaka benki yako ikwambie vinginevyo.

Na lile salio? Salio linaloonekana ukurasa wa mwanzo mara nyingi ni lile lililoletwa ulipofungua programu. Halijiandiki upya kwa sababu tu fedha zimetoka. Mama alitazama picha ya saa 17:40 akidhani ni ya saa 17:45. Wapo pia ambao huona salio limepungua wakahitimisha kwamba fedha zimefika. Nao wamekosea kwa upande wa pili, kwani katika ile hali ya kati fedha zimekatwa bila kufika. Salio peke yake halitoi jibu, hata likiwa jipya.

Basi mama angefanya nini? Kwanza angeacha kubonyeza, na angeandika mambo matatu mahali: saa, kiasi, na namba ya akaunti aliyolipa. Kisha angefungua orodha ya miamala, si salio, akaisasisha. Akiukuta muamala wa saa 17:42, angenakili namba yake ya kumbukumbu, na angeangalia neno lililo kando yake. Neno kama Failed lenye sababu iliyo wazi, mathalani akaunti haipo au salio halitoshi, ni jibu la mwisho na anaweza kulipa tena. Neno kama Pending, au Unashughulikiwa, si jibu, ni kusubiri. Asipoukuta kabisa, bado asifanye haraka, kwani orodha yenyewe inaweza kuchelewa.

Njia nyepesi kuliko zote ni kumuuliza muuzaji. Lakini aulizwe ipasavyo. Swali la "umepata meseji?" halitoshi, maana ujumbe mfupi husafiri kwa njia yake na unaweza kuchelewa au usifike wakati fedha zimekwishaingia. Muuzaji afungue taarifa ya akaunti yake atazame miamala ya jioni ile. Katika mfano wetu fedha za kwanza zilikuwa zimeingia kwake saa 17:42. Simu yake ilikuwa kwenye chaji chumba cha nyuma.

Ikiwa hata hivyo haijulikani, mama angepiga simu kituo cha huduma kwa wateja cha benki yake, iliyo benki ya mlipaji na si ya muuzaji, aulize kwa maneno mahususi: "Muamala wa saa 17:42 wa shilingi 480,000, je, benki ya mpokeaji imeukubali, imeukataa, au bado haijajibu?" Swali hili humlazimu mhudumu kutazama hali ya muamala wenyewe badala ya kusoma salio. Aombe pia namba ya lalamiko. Asiporidhika na majibu ya benki, anaweza kulipeleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, na hapo namba hiyo atahitajika kuwa nayo.

Tunajua muuzaji anaweza kukataa kutoa unga kabla ya kuona fedha, na maandazi ya kesho hayasubiri. Kulipa taslimu ni njia mojawapo, lakini tukumbuke kwamba nako ni kulipa mara ya pili. Kukiwa na uaminifu baina yao, waandikiane katika stakabadhi kwamba malipo ya saa 17:42 yakionekana, yatahesabiwa kuwa ya mzigo ujao. Pasipo uaminifu, afadhali kuchukua mifuko 2 ya kuanzia.

Linabaki swali la kurudishiwa. Kama mteja alibonyeza mara moja na mfumo wa benki ukakata mara mbili, hilo ni kosa la benki na ni juu yake kulisahihisha. Kama alithibitisha mara mbili kwa namba yake ya siri, agizo la pili ni halali, na fedha zikishaingia katika akaunti ya mpokeaji, kwa kawaida benki haizitoi bila ridhaa yake. Itamwandikia na kumwomba. Katika kipindi hicho jihadhari na mtu yeyote atakayekupigia akijifanya wa benki, akitaka namba ya siri ili "akurudishie".

Mama wa mfano wetu aliwasiliana na muuzaji usiku ule ule. Muuzaji alikiri kupata shilingi 960,000, lakini kabla ya kutazama alikuwa amekwisha kumlipa mwenye kiwanda. Alichoweza kutoa ni mifuko mingine 6, na mama aliikubali, ingawa hakuwa na pa kuiweka. Jumatatu alikwenda kwa mwenye fremu na shilingi 190,000, akaomba siku 10 za kumalizia shilingi 110,000 zilizobaki.