Hati Miliki Iliyoungua

Nyumba inapoungua Kitangari na hati miliki ikateketea humo, haki ya mwenye kiwanja haiungui, kwa kuwa imeandikwa katika daftari la Msajili wa Hati, yaani ofisa wa Wizara ya Ardhi anayetunza kumbukumbu za umiliki. Mmiliki huchukua taarifa ya polisi, huapa mbele ya wakili kwa kiapo kinachotaja namba ya hati na jinsi ilivyoteketea, kisha humwomba Msajili hati mpya, naye hutangaza kusudio lake katika Gazeti la Serikali, akitoa mwezi 1 wa pingamizi. Muda huo ni kinga muhimu, kwani hati inayodaiwa kuungua huenda imewekwa rehani. Kwa kuwa kiapo hutaja namba ya hati, namba hiyo inakiliwe na kutunzwa nje ya nyumba.