Mipira ya Gari: Gharama Isiyoandikwa katika Bei
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama huko Bonga, Babati



Tuliombwa tuseme machache juu ya ununuzi wa gari lililokwisha kutumika, kwa kuwa wenzetu kadha wa kadha wamekopa fedha kwa nia hiyo. Habari za injini na gamba la gari twawaachia mafundi, ambao wazijua kuliko sisi. Twataka kusema juu ya jambo moja tu ambalo mnunuzi huliona baada ya miezi, nalo ni mipira ya magurudumu.

Tutwae mfano wa magari mawili ambayo kwa macho ni ndugu mapacha. Yote mawili ni Toyota RAV4 ya umbo lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2005. Injini ni moja, mwaka mmoja, bei karibu sawa. La kwanza limevaa mpira ulioandikwa ubavuni 225/65R17. La pili ni la namna waliyoiita Sport, nalo limevaa 235/55R18. Hili la pili lapendeza zaidi machoni, kwa maana ringi ni kubwa na mpira ni mwembamba; na muuzaji hakosi kulisifu kwa hilo hilo.

Maandishi hayo si fumbo. Namba ya kwanza ni upana wa mpira kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kwa sehemu katika mia ya upana ule. Ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Basi mpira wa kwanza una ubavu wa milimita 146, na wa pili 129. Zaidi ya hayo magurudumu yenyewe yakaribia kulingana: la kwanza lina kipenyo cha milimita 724, na la pili 716. Tofauti haizidi sana moja katika mia. Tafadhali mwiweke hesabu hii akilini, maana tutairudia.

Sasa, kwa nini milimita kumi na saba za ubavu ziwe neno kubwa? Tangu 2018 barabara ya lami kutoka Babati hata Dodoma kwa njia ya Kondoa imefunguliwa, na mwenye kwenda mjini kutoka hapa Bonga hana la kulalamika. Lakini kazi zetu haziishii penye lami. Ukikunja kwenda vijijini, gurudumu hukutana na jiwe au ukingo wa shimo. Ubavu ulio mrefu hujikunja na kunyanyuka tena. Ubavu ulio mfupi hubanwa kati ya jiwe na ringi, nyuzi za ndani zikakatika. Kisha huonekana uvimbe kama yai ubavuni. Uvimbe huo hauzibwi kama pancha. Mpira umekwisha, hata kama meno yake ni mapya.

Hapo ndipo gharama iliyofichika hujitokeza. Mmoja wetu, ambaye hakupenda tumtaje, alinunua gari la ringi ya 18. Mwezi wa nne mpira wa mbele ulipata uvimbe wa namna hiyo. Akaingia mjini Babati, akazunguka maduka. Wa 17 aliuona kila mahali, wa viwanda mbalimbali, kwa kuwa kipimo cha 225/65R17 huvaliwa pia na Harrier nyingi na Honda CR-V nyingi. Mwenye duka akiweka minne ana yakini ya kuiuza. Wa 18 haukuwapo hata mmoja. Duka moja likaahidi kuuagiza Arusha, na gari likakaa juu ya mawe siku sita, mwenzetu akipanda bodaboda kwenda kazini. Mpira ulipofika ulikuwa wa kiwanda kingine.

Kiwanda kingine, ndiyo neno la pili. Wengi husema, kipimo kikiwa kimoja jina halina maana. Sivyo kabisa. Mipira ya kipimo kimoja kutoka viwanda viwili huweza kuachana kwa milimita kadhaa, na tena mpya na mkuukuu haviko sawa. Mpira mpya una meno ya milimita 8 hivi. Ulioliwa umebaki na 3. Basi vipenyo vyake vyatofautiana kwa milimita 10, yaani zaidi ya ile tofauti ya 17 na 18 tuliyoihesabu. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, tofauti hiyo hukifanyisha kazi bila kupumzika kile chombo kinachogawa nguvu mbele na nyuma, nacho hupata moto. Kwa hiyo anayekosa mpira mmoja ulio ndugu wa ile aliyo nayo, hulazimika kununua miwili, na pengine minne.

Jambo hili laumiza zaidi kwa kuwa mipira yetu hutoka ng'ambo. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha kazi kabla ya 2010. Yako majina ya viwanda yanayofika kwa shehena moja, yakauzwa rahisi, kisha yasionekane tena. Basi msiulize duka bei tu. Ulizeni kama jina lile walikuwa nalo mwaka jana, na kama duka la pili pia analo. Kadhalika tazameni ubavuni tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 3719 ni juma la 37 la mwaka 2019. Kipimo kisichonunuliwa hukaa rafuni miaka, nao mpira huzeeka hata ukiwa haujakanyaga ardhi.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu, si bei ya duka lo lote. Tuseme mpira wa 18 umezidi wa 17 kwa Shs. 100,000. Ukienda kilometa 20,000 kwa mwaka, na seti ikadumu kilometa 40,000, kwa miaka minne utanunua mipira minane: umezidisha Shs. 800,000. Bado hujahesabu ule wa pili ulioununua kwa kukosa ndugu wa wa kwanza, wala zile siku sita. Basi muuzaji akikupunguzia Shs. 500,000 kwa gari la ringi kubwa, hajakupunguzia kitu. Akaaye Dar es Salaam na kutembea juu ya lami tupu aweza kupata jawabu jingine, nasi hatumbishii.

Wala gari lile si la kukimbiwa kabisa. Kwa kuwa vipenyo vyakaribiana, ringi za 17 zilizotoka katika RAV4 ya umbo lile lile huingia, na saa ya mwendo hubadilika kidogo tu: ikionyesha 100, mwendo wa kweli ni kama 101. Lakini ulizeni bei ya ringi hizo kabla ya kupatana bei ya gari; fundi azijaribu mbele na nyuma, azungushe kwa mkono, aone haziparuzi breki. Kibandiko penye mlango wa dereva huonyesha kipimo ambacho gari lilitoka nacho kiwandani. Na lile gurudumu la akiba mlitazame pia, maana likibaki la 18 na manne yakawa ya 17, safari ya kwanza ya pancha itawakumbusha.

Mwenzetu yule alifanya hivyo mwishowe. Ringi zake za 18 ziko nyumbani kwake, nzima, zinang'aa, na hadi leo hajapata mnunuzi.