Onyo la Betri ya Lithiamu: Maneno Matatu Yasiyofaa Kukosewa

Maelezo kwa mafundi wa sola na wakazi



Mwongozo wa betri ya lithiamu ukitafsiriwa kwa Kiswahili, kuna maneno matatu ambayo yakikosewa yanaweza kuchoma nyumba.

La kwanza ni joto. Tafsiri ikisema tu kwamba "betri inaweza kupata joto jingi", fundi atadhani akiizima itapoa. Onyo lenyewe linahusu joto linalojizidisha. Seli ikiharibika, kemikali zilizo ndani hutoa joto, joto hilo huzichochea zaidi, kisha seli jirani nayo hushika. Kuzima swichi hakusimamishi jambo hilo. Kwa hivyo tafsiri itaje dalili: betri kuvimba, harufu kali ngeni, sauti ya kuzomea, mvuke mweupe. Mvuke huo una sumu na unaweza kulipuka. Watu watoke wote, wakae mbali, wapige simu 999 au 112. Hata moto ukizimika, betri inaweza kuwaka tena.

La pili ni kiwango cha kuchaji. Chukua betri ya volti 51.2 yenye seli 16 za lithiamu ya chuma na fosfeti. Kila seli isizidi volti 3.65, hivyo betri nzima isizidi 58.4. Lakini hicho ni kikomo. Kiwango cha kazi ya kila siku huandikwa kando, nacho huwa chini zaidi. Tafsiri ikiyaita yote mawili "kiwango", fundi ataweka inveta kwenye kikomo. Hatari huzidi pale betri ya asidi inapoondolewa na mipangilio yake kubaki, kwa sababu chaji ya kusawazisha seli za asidi inaweza kupita kikomo hicho. Kidhibiti kilicho ndani ya betri kitakata umeme, ila hicho ni mlinzi wa mwisho, hakikuwekwa kufanya kazi hiyo kila siku.

La tatu ni kutenga. "Zima" haitoshi, maana inveta iliyozimwa bado imeunganishwa na betri na paneli. Kutenga kuna hatua: punguza mzigo na uzime inveta, kata swichi ya paneli, kata swichi ya betri, zifunge kwa kufuli ili mtu asiziwashe, subiri muda ulioandikwa ili chaji iliyobaki ndani ya inveta iishe, kisha pima kwa mita. Hata hapo, seli zenyewe bado zina umeme. Mwongozo wa betri husika ukitoa mpangilio mwingine, ufuatwe huo.

Kabla ya tafsiri kuchapishwa, apewe fundi ambaye hajaona nakala ya Kiingereza, aeleze kwa maneno yake atakalofanya. Akisema "nitazima, kisha nifungue nyaya", sentensi hiyo iandikwe upya.